Kuchangisha pesa za gemu ndogo ukiwa Kusini: bajeti yetu, zawadi na ratiba kama vilivyokwenda

"Wakuu, tuko wawili hapa Mtwara, tunatengeneza gemu ya kompyuta na simu, demo imeshakamilika. Tunataka kuchangisha mtandaoni milioni 20. Zawadi tumefikiria fulana, kofia na vikombe, na gemu itoke baada ya miezi mitatu. Mwenye uzoefu wa bajeti, ngazi za zawadi na muda atupe mwongozo."

Mkuu, mimi niko Lindi mjini na nimechangisha mara mbili. Mara ya kwanza, mwaka 2021, tulifikia lengo na bado pesa ya kumalizia gemu haikutosha. Mara ya pili, Novemba 2023, tulipata na tukamaliza. Nitakueleza zote mbili kwa namba, maana ukiona namba ya kwanza ilivyotuumiza utaelewa kwa nini fulana na ile milioni 20 vinanipa wasiwasi.

Ile ya kwanza ilikuwa gemu ndogo ya wavuvi wa ngalawa. Tuliandika milioni 5 kwa sababu ilionekana namba ambayo watu hawataishangaa. Hatukuwa na karatasi yoyote nyuma yake. Ngazi zilikuwa tatu: 5,000 jina lako linaandikwa mwishoni mwa gemu, 15,000 unapata gemu, 40,000 unapata gemu na fulana. Ahadi zilifika milioni 5 na laki moja na ushee. Tukashangilia. Pesa iliyoingia kweli ilikuwa 4,260,000, kutoka kwa watu 194.

Kati ya hao, 74 walichukua fulana. Kila fulana ilitugharimu 12,000 kuichapisha, 5,000 kuituma kama kifurushi kwenye basi, na 500 ya mfuko na stika. Jumla 17,500. Nakumbuka usiku tunazifungasha sakafuni chumbani kwangu, mvua inanyesha, mwenzangu akainua moja iliyoandikwa L akaiweka kifuani kwake, na yeye si mtu mnene. Haikufika kiunoni. Tulituma hivyo hivyo kwa sababu tulikuwa tumeshaahidi tarehe. Watu 12 wakarudi kutuambia haziwatoshi, tukachapisha na kutuma upya. Hapo zilikwenda 210,000 nyingine. Ukitoa fulana zote, ukatoa za kurudia, ukatoa makato ya kutoa pesa kama 120,000, kilichobaki cha kutengenezea gemu kilikuwa 2,635,000. Tulipokaa chini baadaye na kuhesabu kazi iliyokuwa imebaki, ilihitaji 4,800,000. Pesa ilikwisha mwezi wa nne. Tukawaandikia wachangiaji wote, tukaweka hesabu wazi, tukamalizia bila posho, na gemu ikatoka miezi kumi na moja baada ya tarehe tuliyoahidi. Hakuna aliyetutukana, lakini mama mmoja wa Nachingwea aliyekuwa amemchangia mwanawe aliandika tu, "Mtoto ameshaacha kuuliza." Hiyo iliniuma kuliko matusi.

Sasa angalia ile ngazi ya 40,000. Mtu akitoa 15,000 kwa gemu pekee, karibu yote inabaki. Akipanda hadi 40,000 anaongeza 25,000 mfukoni mwake, lakini 17,500 inaondoka na fulana. Sisi tunabaki na 7,500 tu ya nyongeza, na kwa hiyo 7,500 tumefanya kazi ya kukusanya saizi, kuchapisha, kufungasha, kwenda stendi na kujibu simu za "kifurushi changu kimefika wapi". Kila zawadi unayotaka kuiweka, ifanyie hesabu hii moja: ukilinganisha na ngazi iliyo chini yake, inakuachia shilingi ngapi za ziada, na inakula siku ngapi. Kofia na vikombe vyenu vikipita hapo, viwekeni. Kikombe nina shaka nacho, kwa sababu kinavunjika njiani na utalipa mara mbili.

Mara ya pili tulianza na karatasi. Gemu hii inahusu wapagazi wa Tendaguru, wale waliobeba mifupa ya dinosaria kutoka kilimani hadi bandari ya Lindi, kiasi cha kilomita 60, wakati Wajerumani wanachimba kati ya 1909 na 1913. Mifupa ile mikubwa leo imesimama Berlin. Tulikuwa na demo ya dakika ishirini tuliyoitengeneza kwa Godot, programu ya kutengenezea gemu ambayo hailipiwi, na tukakadiria miezi minane ya kazi iliyobaki. Ninasema iliyobaki kwa makusudi. Kazi uliyokwisha kuifanya usimdai mchangiaji.

Mistari ya karatasi ilikuwa michache. Posho ya mchoraji 300,000 kwa mwezi na yangu 300,000, kwa miezi minane ni 4,800,000. Hiyo si mshahara wa mjini, ni pesa ya kula na nauli ili mtu asiache kazi kwenda kutafuta kibarua, na ndiyo kubwa kuliko zote. Watu wengi huiacha nje kwa aibu, halafu gemu inakufa kwa sababu hiyo. Kurekodi kikundi cha ngoma kwa siku moja pamoja na chakula chao, 600,000. Bando 60,000 kwa mwezi, jumla 480,000. Ada ya kuweka gemu kwenye maduka ya mtandaoni, Steam dola 100 na Google Play dola 25, tulihesabu dola kwa 2,500 tukapata 312,500. Simu mbili za mtumba za kujaribia, zile za uwezo mdogo ambazo watu wetu wanazo, 300,000. Betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, 400,000. Ukijumlisha ni 6,892,500. Juu yake tukaweka asilimia 15 ya dharura, ikawa 7,926,375. Tukakaa na mhasibu, akatuambia wazi kwamba hii si sadaka, ni mauzo ya kabla, kwa hiyo iwe kwenye TIN ya biashara na tutenge kitu cha kodi. Tukatenga 300,000. Jumla 8,226,375.

Hiyo ni pesa inayotakiwa ibaki mkononi baada ya kila kitu kukatwa. Kosa ni kutangaza namba ya aina hii kana kwamba ndiyo lengo. Unatakiwa uigawe kwa sehemu inayobaki baada ya makato na zawadi. Sisi tulikadiria makato asilimia 5 na zawadi asilimia 10:

```
lengo = gharama / (1 - makato - zawadi)
      = 8,226,375 / (1 - 0.05 - 0.10)
      = 9,678,088
ahadi = lengo / 0.8
```

Lengo tukalitangaza 9,700,000. Mstari wa mwisho ndio unaotuhusu sisi wa huku hasa. Umewahi kukaa kwenye kamati ya harusi? Basi unajua kadi za ahadi zinavyokuwa. Mjomba anaandika laki mbili, siku ya mwisho inakuja laki, na wengine simu haipokelewi. Mwaka 2021 ahadi zetu zililipwa kama asilimia 82. Kwa hiyo safari hii tulisema hatutamdai mtu hata shilingi mpaka ahadi zifike milioni 12.1, ili hata karibu moja ya tano ikipotea bado lengo lipo.

Hapa niseme neno kuhusu Kickstarter, ile tovuti ya kuchangishia miradi, kwa sababu najua ndiyo uliyokuwa unaifikiria. Utaratibu wake ni mzuri: lengo lisipofikiwa hakuna anayekatwa, wao wanachukua asilimia 5 na wanaoshughulikia malipo ya kadi wanachukua kiasi cha 3 hadi 5 nyingine, kampeni haizidi siku 60, na pesa inakuja kama wiki mbili baada ya kufunga. Lakini Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo mtu anaweza kufungua mradi. Inatakiwa mkazi wa nchi iliyomo, mwenye kitambulisho na akaunti ya benki ya huko. Ukimtumia ndugu aliye Uingereza, kwa sheria mradi ni wake, deni kwa wachangiaji ni lake, na kodi ni yake. Kama mna ndugu wa namna hiyo, mwandikiane mkataba kabla ya kitu chochote. Sisi hatukuwa naye, tukaiga utaratibu ule kwa mikono yetu.

Tuliuiga hivi. Siku 30 tulipokea ahadi tu, kwa fomu fupi yenye jina, namba ya simu na ngazi. Ahadi zilipovuka milioni 12.1, tukatuma ujumbe wa Lipa Namba na kutoa siku 14 za kulipa. Tuliandika tangu siku ya kwanza kwamba ikipungua 9,700,000 baada ya siku hizo, kila mtu anarudishiwa, na gharama ya kurudisha ni yetu. Walio nje ya nchi tuliwafungulia ukurasa itch.io, duka la mtandaoni la gemu ndogo, baada ya ahadi kuvuka, kwa sababu pale unaweza kuweka zawadi zenye idadi maalumu juu ya gemu yako. Wao huchukua asilimia 10 usipobadilisha, ukiongeza na makato ya kadi. Pesa ya Lipa Namba haikukaa kwenye simu ya mtu. Ilikwenda akaunti ya benki yenye saini mbili, yangu na ya mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu ambaye hakuwa na senti yake kwenye gemu. Nakusihi msiiweke kwenye simu zenu binafsi. Ugonjwa ukiingia nyumbani usiku, utaichukua kwa nia ya kurudisha, kama mimi nilivyoichukua 2021. Nilirudisha, lakini baada ya wiki sita, na wiki hizo mchoraji hakulipwa.

Jambo jingine, msiahidi mtu sehemu ya faida. Ukisema "changia laki upate asilimia fulani ya mauzo", umetoka kwenye kuuza gemu kabla haijakamilika na umeingia kwenye kuuza dhamana kwa umma, ambako CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji na dhamana, wana sheria zao. Zawadi iwe kitu, jina au gemu yenyewe.

Ngazi zetu za pili zilikuwa tano. 5,000 jina. 15,000 gemu na jina. 35,000 gemu, muziki wote na kitabu cha michoro cha PDF. Hiyo ya tatu ndiyo iliyoziba nafasi ya fulana, na ukiifanyia ile hesabu yangu, nyongeza ya 20,000 yote inabaki kwetu, kwa sababu michoro na muziki vingetengenezwa hata hivyo. Ilichukua siku nne za mchoraji kupanga kurasa, basi. 150,000 sura yako inachorwa kuwa mmoja wa wapagazi, watu wanane tu. Na 100,000 kinyago kidogo cha mpagazi cha mpingo, vinyago 15 tu, kwa walio ndani ya nchi.

Kinyago ndiyo zawadi pekee ya kushikika tuliyoibakiza, na nilisafiri hadi Mtwara kwa fundi kabla ya kuitangaza. Nilitaka vinyago 30. Akachukua kipande cha mpingo, akanionyesha ule ukingo mweupe unaozunguka kiini cheusi, na ufa mwembamba uliokuwa umeanza pembeni. Akasema huo umekatwa karibuni, ukichongwa sasa utapasuka ukifika kwa mwenyewe. Mti mkavu alionao unatosha vinyago 15, na kimoja kinamchukua siku mbili hadi tatu akiwa hana kazi nyingine. Kwa hiyo idadi 15 haikutoka kwenye hamu yetu ya kuuza, ilitoka kwenye mbao zilizokuwa kwenye kibanda chake. Alitaka 40,000 kwa kimoja, nusu mkononi. Kufungasha kwa boksi na pumba za mbao na kutuma ikawa 12,000. Jumla 52,000. Mtu akitoka 35,000 kwenda 100,000 anaongeza 65,000 na sisi tunabaki na 13,000 ya ziada. Utaona ni ndogo. Tuliiweka kwa sababu picha ya kile kinyago ndiyo iliyosambazwa kuliko picha yoyote ya gemu, na kwa hilo tu ningeiweka tena. Lakini ningeiweka 120,000.

Muda wa kuchangisha una siku zake huku kwetu. Kampeni ya kwanza ilikuwa Machi. Pesa ya korosho imekwisha, ada za shule zimekwisha kulipwa, watu wako shambani na mvua, na unaomba. Ya pili tuliifungua tarehe 1 Novemba na kuifunga tarehe 30, minada ya korosho ikiwa inaendelea na malipo yakiwa yanaingia kwa wakulima. Tofauti ilionekana hasa kwa watu wa Tandahimba na Newala, ambao 2021 walikuwa wachache sana. Kama wachangiaji wenu wengi ni wafanyakazi wa Dar, basi angalieni tarehe za mishahara badala ya korosho.

Kabla ya Novemba kulikuwa na miezi minne ya kazi ambayo watu huiruka. Tulizunguka na kompyuta moja na simu mbili, vyuoni, kwenye vibanda vya kuonyesha mpira, hata kwenye sherehe za shule. Mtu akimaliza demo tunamwomba namba yake kwa ajili ya habari za gemu hii tu. Tulipofika Oktoba tulikuwa na namba 640. Tukawatumia swali moja: nani ataweka ahadi siku ya kwanza, na ya ngazi ipi? Walijibu ndiyo 110. Siku tatu za mwanzo walioweka kweli ni 81, ahadi zao zikafika milioni 1.9. Hiyo ni kama asilimia 16 ya tulichohitaji, na ndicho kilichowafanya wageni waamini. Mwishoni, kati ya wale 640 waliolipa ni 187. Wengine wote waliletwa na hao.

Hapa ndipo milioni 20 yenu inapogoma. Wastani wetu kwa mchangiaji mmoja ulikuwa kama 18,000. Kwa milioni 20 mnahitaji watu zaidi ya 1,100 waliolipa. Mna namba za watu wangapi waliocheza demo yenu? Kama ni 200, mimi nisingefungua. Jaribio ni lile lile: waulizeni hao mlio nao kuhusu siku ya kwanza. Majibu yakijumlishwa hayafiki hata moja ya kumi ya ahadi mnazohitaji, tatizo bado halijafika kwenye kampeni. Ama orodha ni ndogo ama gemu inapaswa ipunguzwe, sehemu mbili zitoke, ili gharama ishuke.

Katikati ya kampeni patakufa. Kwetu kuanzia tarehe 8 hadi kama 22 kuna siku tulipata ahadi mbili tu. Tulikuwa tumeijua hali hiyo kutoka 2021, kwa hiyo ngazi ya sura ya mpagazi tuliificha na kuifungua tarehe 14, pamoja na kipande cha video cha kikundi cha ngoma kikifanya mazoezi. Siku nne za mwisho zilileta karibu theluthi ya ahadi zote. Msishushe bei katikati kwa hofu. Waliotangulia watajiona wameonewa, na watakuwa na haki.

Tarehe 30 Novemba ahadi zilikuwa milioni 12.4. Baada ya siku 14 ilikuwa imeingia 10,260,000: watu 212 wa 5,000, 238 wa 15,000, 88 wa 35,000, vinyago vyote 15, na sura saba kati ya nane. Makato yalikula kama 513,000. Zawadi zilikula 920,000, yaani vinyago 780,000 na 140,000 tuliyomwongezea mchoraji kwa zile sura saba. Ikabaki 8,827,000, na tulihitaji 8,226,375. Ile ziada ya laki sita hatukuitangaza kama ushindi wala hatukuongeza sehemu mpya ya gemu kwa ajili yake. Iliungana na dharura, na ilihitajika.

Tulianza kazi Januari 2024. Miezi minane ilitupeleka Agosti, lakini kwa wachangiaji tuliandika Novemba. Miezi hiyo mitatu ya nafasi kuna mtu kwenye kundi aliiita uvivu. Mwanzoni mwa Mei ikaja mvua ya Kimbunga Hidaya, barabara ya kwenda Dar ikakatika pale Somanga, na kompyuta ya mchoraji ilikuwa Dar kwa fundi. Kabla haijarudi, tarehe 12 Mei nyaya za baharini zikapata hitilafu na intaneti ikadorora nchi nzima. Tulipoteza karibu wiki tatu. Ungekuwa umeahidi miezi mitatu kamili kama mlivyopanga, hapo ungeanza kuandika barua za kuomba radhi.

Kuna muda mwingine ambao hauko mikononi mwenu kabisa. Steam, ukishalipa ile dola 100, unasubiri siku 30 kabla ya kuruhusiwa kutoa gemu, na ukurasa wake uwe umeonekana kwa umma angalau wiki mbili. Kisha wanaikagua, na wanaweza kukurudishia. Google Play ndiyo iliyotushika. Tulifungua akaunti binafsi mwanzoni mwa 2024, na kwa akaunti mpya za aina hiyo walitaka wajaribu 20 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuomba ruhusa ya kutoa. Tangu Desemba 2024 wamepunguza hadi 12. Sisi tulipata watu 20, siku ya tisa watatu wakajitoa, tukaanza kuhesabu upya. Fungueni akaunti hizo mwezi wa kwanza baada ya pesa kuingia, msisubiri gemu ikamilike, na chagueni wajaribu kati ya wachangiaji wenu. Wale hawajitoi.

Gemu ilikuwa tayari mwishoni mwa Septemba, ikapita ukaguzi, wachangiaji wakapata zao wiki ya mwisho ya Oktoba. Wa kompyuta tuliwapa funguo za Steam, ambazo mtengenezaji hupewa bure, na wa simu tuliwawekea APK, faili la kusakinisha moja kwa moja, kwenye itch.io ili wasisubiri Google. Vinyago vilikuwa vimeshafika tangu Machi, kwa sababu fundi alianza Desemba. Hilo nalo lilisaidia. Mtu aliyeshika kinyago chake mezani alikuwa mvumilivu kwa gemu.

Kila mwezi, tarehe 1, tulituma ujumbe mmoja: picha moja ya kilichofanyika, shilingi zilizotumika, shilingi zilizobaki. Mei tuliandika kuhusu barabara na kompyuta bila kupunguza neno. Walijibu kwa kuuliza kama tuko salama.

Kwa hiyo mkuu, kabla ya fulana na kabla ya milioni 20, andikeni kazi iliyobaki ya gemu yenu sehemu kwa sehemu na wiki zake, muweke posho yenu bila aibu, kisha mpitishe kwenye ile hesabu. Ukishapata mistari yako iweke hapa hapa kwenye uzi, na useme mna namba za watu wangapi waliocheza demo. Nitaipitia mstari kwa mstari. Kama mtahitaji yule fundi wa mpingo, niandikieni mapema, kwa sababu huwa anataka kujua idadi kabla ya Septemba ili mti uwe umekauka.